Kope Zinazotazama Nje

Mama Paskazia aliitazama picha yake kwenye kompyuta, kisha akafumba jicho la kulia na kulifunika kwa kiganja, kama mtu aliyerushiwa mchanga.

"Zitoe," alisema.

"Nini, mama?" aliuliza Shimba, kijana msafisha picha wa studio.

"Hizo kope. Zinanichoma."

Maige, mtoto mkubwa wa mama huyo, muuza vipuri vya pikipiki pale Buzuruga, alicheka. "Picha inachomaje, mama? Mbona umependeza. Kope kama za mtangazaji wa televisheni."

Shimba hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa amezichora kope zile moja moja kwa kalamu ya kompyuta, nyeusi tii, ndefu, zimejaa. Katika studio zote za Igoma hakumjua mtu wa kumfundisha kusafisha picha, na hakuona haja ya kumtafuta. Aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama pikipiki zilivyokuwa zikipishana barabara ya Musoma, akarudi.

"Uliniambia niziongeze," alimwambia Maige. "Nimeziongeza."

"Umeziongeza vizuri."

"Basi mwambie mama yako."

"Kijana," alisema Mama Paskazia taratibu, "mimi niko hapa. Niambie mwenyewe."

Shimba aliona aibu, akakaa. "Samahani, mama."

"Nilikuwa na vikope," alisema mama. "Ule ugonjwa wa macho. Kope zinageuka, zinatazama ndani, kila ukipepesa zinakukwaruza. Huyu Maige nikiwa nimembeba mgongoni, mkono mmoja una kibanio, nazing'oa. Zinaota, nazing'oa tena. Ndiyo maana sikupigwa picha. Nani apige picha macho mekundu yasiyo na kope? Mwaka jana binti yangu Selina akanipeleka kwa madaktari wa macho, wakanipasua, wakazigeuza. Sasa wewe unanirudishia zile zile."

Ukutani nyumbani kwao Mkolani ilitundikwa picha ya marehemu baba peke yake. Kesho yake ilikuwa misa ya kumkumbuka, na ukoo mzima ungefika. Watoto walikuwa wamembembeleza mama kwa muda mrefu hadi akakubali kukaa mbele ya kamera, ili naye atundikwe kando ya mume wake.

"Ikiwa hivi," alisema, "baba yenu abaki peke yake. Amezoea."

Muharami, mwenye studio, alitoka nyuma kwenye mashine ya kuchapia. Alikuwa amechapa kipande kidogo tu, macho mawili katika ukubwa ambao picha ingekuwa nao ukutani. Alikibandika mlangoni, akarudi hatua chache. "Njoo uone, Shimba. Usikasirike kwanza, utakasirika baadaye."

Shimba alitazama. Kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa kope. Kwenye karatasi zilikuwa miguu ya buibui. Kila mstari ulikuwa mnene sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, umesimama mbali na mwenzake kama meno ya kitana. Mingine ilianzia juu kwenye ngozi, si kwenye ukingo wa jicho. Miwili ilikatiza katikati ya weupe wa jicho. Kope za jicho la kushoto zilikuwa zile za kulia zilizogeuzwa tu.

Damu ilimpanda. Alitamani kusema kwamba mashine imeharibu, wino umezidi, karatasi ni mbaya. Alikichana kile kipande, akarudi kwenye kiti, akafuta kazi ya asubuhi nzima kwa kubonyeza mara moja.

"Kijana ana hasira," alisema Mama Paskazia.

"Ana hasira lakini ana mkono," alijibu Muharami.

"Mama," Shimba alisema bila kugeuka, "naomba nizitazame zako. Za kweli."

"Tazama. Hazimuumi mtu mwingine."

Alimsogelea kwa ubavu, mwanga wa dirishani ukipita kati yao. Kope zilikuwepo. Chache, fupi, lakini zilianzia ukingoni kabisa, zikainama kidogo chini kabla ya kupinda kwenda juu. Za katikati zilitazama mbele, za pembeni zililalia kuelekea sikioni. Mbili tatu ziligusana ncha. Na ncha zenyewe zilikuwa nyembamba na kahawia, karibu rangi ya ngozi. Ndizo kamera ilizozipoteza.

Alirudi kwenye picha na kuivuta karibu. Safari hii hakuanza kwa kuchora. Alizifuata kope zilizokuwamo, moja baada ya nyingine, akizikoleza, na urefu uliokuwa umejificha ukajitokeza wenyewe. Alipohitaji kuongeza, alichukua rangi kutoka kwenye kope yake iliyokolea zaidi, wala haikuwa nyeusi. Alianzia kwenye shina na kuinua kalamu taratibu ili ncha ife polepole. Hapa ndefu, hapa fupi, hapa mbili zimeshikana. Unene hakuutafuta kwenye mistari. Alitia kivuli chembamba katikati ya mashina, ukingoni mwa jicho, na kope zile zile chache zikaonekana zimejaa. Akaweka kivuli hafifu juu ya weupe, kwa sababu kope isiyo na kivuli huonekana imebandikwa. Za jicho la mbali alizififisha kidogo, kama kamera ilivyoliona jicho lenyewe. Za chini hakuzigusa.

Goti lake lilikuwa likicheza chini ya meza muda wote. Maige alitoka mara mbili kupokea simu. Mama alikaa tu.

Muharami alichapa kipande kingine, akakibandika pale pale. Mama Paskazia alikikabili kwa mbali, kisha akasogea, kisha akarudi nyuma. Mkono wake haukwenda jichoni.

"Zimepungua," alisema Maige. "Zile za kwanza zilionekana toka barabarani."

"Zile zilionekana zenyewe, si mimi," alisema mama. "Nyamaza nijitazame."

Shimba alisimama nyuma yake.

"Nzuri," alisema mama mwishowe. Kisha kidole chake kikagusa karatasi, jicho la kulia, karibu na pua. "Isipokuwa hii. Hii inatazama ndani."

"Mama, hiyo ni moja," Shimba alisema, hasira ikirudi. "Hakuna atakayeiona."

"Mimi nitaiona."

Shimba alirudi kwenye kompyuta kwa kishindo. Alificha tabaka lote alilochora, ibaki picha kama ilivyopigwa. Ile kope ilikuwa bado pale, nyembamba, imepinda kuelekea kwenye mboni. Yeye alikuwa ameikoleza tu pamoja na nyingine, bila kuitazama.

"Hii sikuichora mimi," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira tena. "Ni yako, mama."

Maige aliinama kwenye kioo, kisha akamgeukia mama yake. "Inakuchoma?"

Mama Paskazia alilipepesa jicho la kulia. "Nilidhani ni vumbi."

"Tangu lini?"

"Mlifurahi sana nilipopasuliwa. Ningesemaje?"

"Daktari alisema zinaweza kurudi, mama. Alisema uje mapema, zisiharibu kioo cha jicho."

"Alisema. Nilimsikia."

Maige alikuwa tayari ameshika simu. "Namwambia Selina. Misa ikiisha tu, tunakwenda."

"Misa ikiisha na watu wakila," alisema mama.

Shimba alisubiri, kalamu mkononi. "Kwenye picha niiache?"

"Itoe. Iliyo jichoni nitampelekea mwenye dawa."

Shimba aliifuta kwa rangi ya weupe uliokuwa kando yake, akarudisha tabaka lake, akamtazama mama. Mama alitikisa kichwa kukubali.

"Chapa," alisema Shimba, na nyuma ya pazia mashine ikaanza kunguruma.