Robo ya Chini

Jamira alileta gari lake la abiria gereji kwangu, hapa Bwera, siku ya Jumatano. Alikaa mbele, kando ya dereva wake mpya Abubaker, mtoto wa kaka yake.

"Fundi Kosiya, taa ya mafuta inawaka mbio," alisema. "Asubuhi tunaweka lita kumi. Tukifika Kasese, mshale iko chini kabisa."

Maneno hayohayo aliyasema miezi minne iliyopita, ila siku ile alikuwa akimshtaki Zedekiah, dereva wake wa miaka sita, kwamba ananyonya mafuta kwa mpira na kuyauza njiani.

"Na Abubaker hanyonyi?" niliuliza.

"Huyu ni damu yangu! Angalia gari."

Zedekiah hakuangaliziwa gari hivyo. Au tuseme, nilimwangalizia vibaya. Jamira alijaza tangi mbele yangu, mshale ukapanda hadi juu, nami nikasema geji ya mafuta ni nzima. Zedekiah aliniomba, "Muzee Kosiya, ngojea mafuta ishuke, ndiyo upime." Sikungoja. Neno langu lilipelekwa stendi, madereva wakamwita Mpira, mwenyekiti wa stendi akafuta jina lake kwenye orodha. Zedekiah aliwauliza swali moja tu: "Kama niliiba, gari ilirudi Bwera na mafuta gani?" Walicheka.

Safari hii nilifuata hatua. Taa ilikuwa inawaka. Nilitoa waya wa betri, nikanyonya mafuta yote kutoka kwenye tangi, nikayapima: lita tisa. Kwa geji, tangi lilikuwa tupu.

Nilirudisha waya wa betri. Chini ya kiti cha nyuma nilichomoa plagi ya tangi, nikaunganisha waya wa geji na bodi ya gari. Abubaker akafungua swichi, mshale ukaruka hadi juu.

"Imejaa!" alipiga kelele. "Fundi, umeweka mafuta ya hewa?"

Basi geji ilikuwa nzima, na waya wake pia. Ubovu ulikuwa ndani ya tangi. Nilitoa tena waya wa betri, nikachomoa kipimo cha mafuta kilichomo tangini: boya kwenye mkono mwembamba, na mwisho wa mkono kidole cha chuma kinachosugua njia nyeusi ya kaboni. Boya likishuka, kidole kinasogea, umeme unapita kwa shida zaidi, mshale unashuka. Niliweka mita ya umeme, nikashusha boya polepole. Namba zilipanda vizuri hadi karibu na robo. Hapo mita ikakata. Ile njia nyeusi, pale, ilikuwa imesuguliwa hadi kubaki nyeupe. Umeme ukikatika pale, geji inasema hakuna kitu, na taa inawaka.

"Kwa nini iishe hapo tu?" Jamira aliuliza.

"Kwa sababu boya limekaa hapo miaka yote, Mama. Gari lako halijai. Ni lita kumi, lita kumi."

Jamira alikuwa akiweka kidogo ili dereva asipate cha kuiba. Hakuhitaji kuambiwa hilo. Alitazama sehemu ile nyeupe.

"Weka mpya," alisema. "Maneno ingine tuache."

Niliweka mpya. Kile cha zamani nilienda nacho stendi. Mwenyekiti alikigeuza mkononi, akanirudishia. "Mwenye gari ndiye alimtoa. Mwenye gari ndiye aje aseme." Nilimpigia Jamira mara tatu. Hakushika simu.

Jumamosi nilimkuta Zedekiah huko Kilembe, kando ya mto Nyamwamba, akiponda mawe ya kokoto. Alikuwa amekonda. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kile kipimo. Alisukuma boya kwa kidole, juu, chini.

"Nilikuambia ungojee ishuke."

"Uliniambia."

"Jamira anasema nini?"

"Hasemi kitu."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua itanyesha. "Mke wangu Ithungu alirudi kwao Mahango. Baba yake alisema binti yake hawezi kukaa na mwizi."

"Sikujua."

"Ungejua wapi? Uko na gereji."

Nilimwambia achukue kile kipimo, akakionyeshe kwa wakwe zake.

"Wataona nini? Chuma na plastiki." Aliweka nyundo chini. "Mimi nikieleza, ni mwizi anajitetea. Wewe ndiyo ulisema geji iko nzima. Wewe ndiyo utasema."

"Wanaweza kutufukuza."

"Ndiyo. Na Ithungu anaweza kukataa."

Alinawa mikono mtoni, taratibu, hadi kwenye viwiko, akavaa shati. Boda mmoja alikubali kutupandisha sote wawili. Mimi nilikaa nyuma, kipimo mfukoni, boya likinichoma ubavuni kila kona. Mpaka Mahango, Zedekiah hakugeuka kunitazama.