Mara Sita

Mdogo wangu Minaz aliniwekea sharti siku ya mwaka mpya, kwa simu kutoka Dar es Salaam, na nikalikubali haraka kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimeuza bangili za mama, nikapata milioni sita za kufanyia biashara ya achari. Minaz akasema, "Dada, mwisho wa Juni nionyeshe kwamba milioni nne bado zipo. Zikishuka chini ya hapo, tunapangisha ghorofa lote, unakuja kuishi kwangu."

Kwake maana yake ni chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji, kitanda kimoja na pazia la bluu. Nimekiona. Anayelala mle anaulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri, na jioni anaambiwa chakula kipo tayari. Mimi Zahabia nina miaka hamsini na saba, nimezaliwa kwenye ghorofa hili hapa Mwanza, na sijawahi kusubiri mtu aniambie chakula kipo tayari.

Basi nikaanza. Ndimu nilinunua sokoni Mkuyuni, nikazikata vipande vinne vinne, nikazitia chumvi na manjano, nikazianika juu ya paa wiki tatu. Korongo wa mjini, wale ndege wakubwa, wanakuja kusimama ukingoni wanazitazama, wana sura ya wakaguzi wa kodi. Ukiwa huko juu unaona ziwa lote hadi visiwani. Baba alikuwa akipanda na kiti chake, mama na chai, Minaz na kelele zake. Sasa napanda na ndimu.

Matangazo nilimpa Revocatus. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana ofisi ndogo Buhongwa, anawafanyia watu matangazo ya kulipia mtandaoni: wenye saluni, wauza magodoro, kanisa moja. Alinipiga picha nikiwa nimeshika chupa, akaandika chini yake maneno niliyomwambia: Achari ya ndimu ya nyumbani, chupa shilingi elfu kumi na tano, unatumiwa bure popote ulipo Kanda ya Ziwa.

Hilo neno bure lilikuwa langu. Revocatus aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nyumbani kwetu mgeni anayekuja kula halipi nauli. Baba alimlipia nauli hata fundi aliyekuja kudai. Nilimwambia hivyo kwa kiburi kabisa, na yeye akaandika.

Simu ikaanza kulia. Jamani, simu ililia! Kahama, Geita, Musoma, Sengerema, Bukoba. Kila mtu aliyebonyeza tangazo alikuja moja kwa moja kwenye ujumbe wangu, na watu wetu huwezi kuwauzia kitu kabla ya salamu. Habari za asubuhi, Mama Achari. Umeamkaje. Mvua huko vipi. Kulikuwa na mwalimu mjane wa Bukoba, Wilhelmina, aliyenunua kila baada ya wiki mbili. Akinunua moja tunaongea nusu saa. Aliniambia habari za mgongo wake, nikamwambia habari za magoti yangu. Mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa nikimaliza siku mbili sijasikia sauti yangu, isipokuwa kumfukuza korongo, sasa nilikuwa na watu wa kunijulia hali kabla sijanawa uso.

Na kila Jumatatu Revocatus alinitumia ripoti. Mara sita, mama. Wiki nyingine mara sita na nusu, nyingine tano na nusu, lakini wastani ule ule. Maana yake kila elfu moja niliyolipia tangazo ilileta mauzo ya elfu sita. Nilizihifadhi ripoti zote ili nimwonyeshe Minaz. Nilikwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia.

Siku ya mwisho ya Mei, asubuhi, Revocatus akapanda ngazi zangu amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, chai hii hapa."

Akafungua kompyuta yake. Tangu Januari tumeuza chupa elfu moja na mia mbili. Mauzo milioni kumi na nane. Pesa ya tangazo milioni tatu. "Mara sita kamili, mama! Wateja wangu wengine wakipata mara tatu wananinunulia soda. Mimi naona tuongeze. Tukiweka mara mbili ya pesa hii, Juni utashangaa."

Nikanyanyuka, nikaleta simu yangu, nikamwonyesha salio la benki. Milioni tatu, laki tisa na elfu tisini. Ilikuwa pesa yote niliyobaki nayo duniani.

Alitazama, akanitazama mimi. "Umetoa za matumizi ya nyumbani?"

"Sijatoa hata ya chumvi. Matumizi ananitumia Minaz. Hiyo mara sita yako imekwenda wapi, Revocatus?"

Nilisema kwa ukali, na hakustahili. Hakukasirika. Alivuta chupa iliyokuwa mezani akaiweka katikati yetu, akaomba karatasi.

"Mama, mimi kwenye ripoti naona vitu viwili tu, pesa ya tangazo na mauzo. Nagawanya, basi. Hii chupa inakugharimu nini, mimi siioni. Niambie wewe."

Nikamwambia, yeye akaandika. Ndimu, mafuta na viungo, elfu tano na mia mbili. Chupa yenyewe, kifuniko na lebo, elfu mbili na mia tatu. Boksi na sponji, elfu moja. Kuituma kwa basi, elfu tano. Jumla elfu kumi na tatu na mia tano, na tangazo bado. Nikiuza elfu kumi na tano, inabaki elfu moja na mia tano.

"Na tangazo lenyewe kwa chupa moja," akasema taratibu, "elfu kumi na tano gawanya kwa sita, ni elfu mbili na mia tano."

Hakumalizia, akaniacha nimalizie mwenyewe. Kila chupa niliyouza kwa mara sita ilinitia hasara ya elfu moja. Chupa elfu moja na mia mbili, milioni moja na laki mbili. Halafu zile sitini zilizopasuka njiani nikatuma nyingine bila kuuliza, laki nane na elfu kumi. Milioni mbili na elfu kumi, ndiyo tofauti ya bangili za mama na lile salio.

"Kwa bei hii na nauli hii," Revocatus alisema, "tangazo lilitakiwa kurudisha mara kumi ndipo usipate hasara. Mara kumi, si faida bado. Ukichukua pesa yote uliyotoa, ya tangazo na isiyo ya tangazo, kila elfu kumi imekurudia kama elfu tisa. Tukiongeza tangazo tunaongeza hasara tu." Alifunga kompyuta. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kuuliza Januari."

Nilimwambia hana kosa, na ilikuwa kweli, kwa sababu kuna jambo sikumwambia. Nilijua. Hesabu kamili sikuwa nayo, lakini Machi, nilipochukua kwenye akiba kwa mara ya tatu ili kununua chupa tupu, nilijua. Mtu anayeuza vizuri hachoti akiba yake kununua chupa. Nilikaa jikoni na ile simu mkononi, na kabla sijafikiri mpaka mwisho mwalimu akaniandikia kuuliza magoti yanaendeleaje. Nikaweka mawazo pembeni nikamjibu. Naona aibu kuliandika hili. Nilikuwa nalipa elfu moja kwa kila salamu, na niliona ni bei nafuu.

"Zima," nikamwambia Revocatus.

"Tusizime kabisa. Mteja alipie nauli mwenyewe. Hapo gharama yako ni elfu nane na mia tano, unabaki na elfu sita na mia tano ya kuchezea. Tangazo likirudisha hata mara tatu tu, linakula elfu tano, elfu moja na mia tano ni yako."

"Mara tatu ni nusu ya mara sita."

"Ndiyo, mama. Ripoti itakuwa mbaya, pesa itakuwa nzuri."

Akafuta neno bure mbele yangu, akaandika kwamba nauli ya basi ni ya mnunuzi. Nilihisi nimemfungia mtu mlango. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama msibani.

Kesho yake simu ililia mara nne. Keshokutwa mara mbili. Wengi waliuliza, si bure tena? Nikawaeleza, wakasema sawa mama, tutakutafuta. Niliendelea kukata ndimu. Nilijikuta naibeba simu hadi paani, naiweka juu ya ukuta ambapo mtandao unashika vizuri, kama vile kosa ni la mtandao. Ripoti za Jumatatu zilisema mara tatu, mara tatu, mara tatu na kidogo.

Mwezi mzima wa Juni niliuza chupa sitini. Haikupasuka hata moja, bahati yangu. Siku ya mwisho nikampigia Minaz, nikamtumia picha ya salio: milioni nne na elfu themanini. Sikumficha kitu, nikamweleza na mara sita ilivyonila na mara tatu ilivyoniongezea elfu tisini. Minaz aliandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi miaka ishirini na mbili, hadanganywi.

"Elfu tisini kwa mwezi, dada."

"Ulisema milioni nne. Hizo hapo."

"Nilisema," akajibu. Nikamsikia anavuta pumzi. "Chumba nilishakipaka rangi."

Nikamwuliza rangi gani, akasema ya maziwa, tukacheka kidogo, tukaagana. Nikabaki na simu mkononi na ghorofa langu. Nilikuwa nimeshinda, hakuna wa kunihamisha. Nilitembea chumba hadi chumba, vyote vinne, nikafungua madirisha, kisha nikapanda paani. Ziwa lilikuwa limetulia. Korongo mmoja alikuwepo.

Nikakumbuka kwamba mwalimu hajaniandikia tangu Mei. Labda mgongo, nikajiambia. Nikamwandikia mimi, kwa mara ya kwanza kuanza mimi: Habari za siku nyingi, mwalimu? Mgongo unaendeleaje?

Alijibu baada ya dakika chache, nikafurahi.

Salama Mama Achari. Ile ya kutumiwa bure imerudi?

Nilikaa juu ya ukuta. Nilianza kuandika kwamba namtumia moja, nauli juu yangu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Elfu tano si nyingi. Mwisho nikamwandikia kweli.

Haijarudi, mwalimu. Nilikuwa nasalimia tu.