Safu Iliyofunikwa na Kidole Gumba

Jumatatu asubuhi Sharifa alirudi kwenye steshenari yangu ya Chikongola na jedwali lile lile la dawa nililomchapia Ijumaa. Nililipiga lamineshini lisiloe, naye alikuwa ameweka alama ya vema kwenye kila kisanduku, siku tatu, hakuruka hata kimoja. Alitaka nimwandikie majina ya dawa mbili kwa herufi kubwa, akazitafute madukani, maana vidonge vya mama mkwe wake vitaisha usiku wa leo.

Nikamuuliza vinaishaje wakati hospitali imempa mgonjwa dawa za mwezi. Akasema labda wamempunja.

Kupunjwa sikushangaa. Mimi sisahau wenye ofisi wanavyotutenda. Nakumbuka tangazo la maji lililobandikwa sokoni kwa Kiingereza tupu, tukachota wiki nzima maji tuliyokatazwa. Ndiyo maana Ijumaa, Sharifa alipokuja kutoka Msimbati na picha ya karatasi ya Kiingereza kwenye simu, nilianza kwa kugomba. Mama mkwe wake, Bi Tatu, anaumwa viungo. Vidole vimevimba hata kikombe hashiki. Waziri, mume wa Sharifa, ndiye aliyempeleka hospitali. Akaipiga picha karatasi ya dawa, akamtumia mkewe, kisha akaondoka na karatasi yenyewe kwenye mfuko wa shati kwenda Masasi, ambako simu yake haipatikani mpaka leo.

Na picha ilikuwa na kidole gumba chake. Dawa nne, safu nne: jina, kiasi, idadi, mara ngapi. Kwenye safu ya mwisho, dawa mbili za juu zilisomeka "od", yaani mara moja kwa siku. Hilo nimejifunza mwenyewe kwa kusoma bahasha za dawa za watu. Hakuna aliyeona haja ya kutuandikia kwa lugha yetu. Kwa dawa mbili za chini, methotrexate na folic acid, safu hiyo ilikuwa chini ya kucha ya Waziri.

Nilimwambia Sharifa ampigie mumewe. Hakupatikana. Nikasema tusubiri. Akasema bodaboda yuko nje anapiga honi, mgonjwa kamwacha na jirani.

"Weka kama hizo za juu, kaka Muzamil. Daktari si ni huyo huyo mmoja?"

Nikaweka. Siku saba kwenda chini, asubuhi baada ya chai, usiku baada ya kula. Methotrexate, vidonge vinne, kila usiku. Likatoka jedwali zuri, hata mtoto angelifuata.

Sasa, Jumatatu hii, nikaichukua simu ya Sharifa, nikaifungua tena ile picha na kutazama safu ya idadi, ambayo kidole hakikuigusa. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Kumi na sita. Nne.

Mbili za kwanza ni wiki nne, kidonge kimoja kwa siku. Lakini kumi na sita, kwa vinne kila usiku, ni siku nne. Hospitali gani inampa mtu dawa mbili za mwezi na mbili za siku nne, kisha imwambie arudi baada ya mwezi? Nikagawa upya: kumi na sita kwa wiki nne ni vinne kwa wiki. Nne kwa wiki nne ni kimoja kwa wiki. Hesabu ya darasa la tatu, na ilikuwa mbele ya macho yangu tangu Ijumaa.

Nikamuuliza Sharifa mama mkwe wake anaendeleaje. Akasema viungo afadhali, ila tangu jana chai inamchoma, mdomo umetoka vidonda.

Kichwani mwa ile karatasi palikuwa na namba ya dirisha la dawa. Nilipiga mara tano. Mara ya sita akapokea mfamasia, akajitaja kwa jina la Nasra. Nikaweka spika, nikamsomea nilichokiona.

"Methotrexate ni mara moja kwa wiki," akasema. "Amekunywa vingapi?"

"Kumi na viwili, kwa siku tatu."

Akauliza kama mdomo umetoka vidonda, nikasema ndiyo.

"Dawa imemzidi. Asimeze tena hata kimoja. Mleteni leo hii, apimwe damu, na paketi zote mje nazo. Nani kawaambia kila siku?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kidole cha Waziri. Zile herufi zao. Honi ya bodaboda. Sharifa alikuwa ananitazama, na kalamu yake ya vema imechomekwa kwenye mtandio.

"Mimi," nikasema. "Jedwali nimelichapa mimi."

"Basi na lenyewe lije."

Nilipokata simu, Sharifa alikuwa analikunja jedwali kwa nguvu apate kulivunja, machozi yanamtoka, anasema kamuua mama wa watu kwa mkono wake. Nikamnyang'anya. Nikamwambia yeye hakukosea kisanduku hata kimoja. Aliyekosea ni aliyevichora. Na sasa vema zake tu ndizo zitakazomwonyesha daktari mgonjwa alipewa nini na siku gani.

Nikafunga duka, twende tukamchukue Bi Tatu. Njia nzima ya Msimbati nililishika jedwali lile mapajani, maandishi yangu juu.