Kipande Chako Kiko Ukutani

Nianze kwa kukiri: kosa lilikuwa langu, na mdogo wangu Tina asilaumiwe. Yeye anauza simu mjini, na kazi yake ilikuwa kupanga picha tu na kuziandikia maneno. Aliyetembea barabarani akizipiga ni mimi, Marie, mke wa fundi Ruphin, na siku hiyo akili nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Miaka kumi na minne mume wangu alishona nguo ghorofani katikati ya Durban, karibu na soko. Ngazi zilikuwa na giza hata saa sita mchana, lakini watu walizipanda. Juu kulikuwa na benchi moja la mbao, na kwenye benchi hilo nimeona harusi zikipangwa na ugomvi wa kwaya ukiisha. Papa Ladislas, mlinzi wa maegesho, alikuja kila Jumamosi hata kama hana nguo ya kushona, akakaa kutusimulia mpira ambao sote tulikuwa tumeutazama. Alinichosha, nasema kweli. Leo nikifumba macho, sauti yake ndiyo ninayoisikia kwanza, halafu cherehani.

Ukutani kulikuwa na ubao. Ruphin akimshonea mtu nguo ya kwanza, alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, kidogo kama kidole gumba, akakibana kwa pini na kuandika jina chini yake. Nilimtania kwamba nimeolewa na mkusanya takataka. Akaendelea kubana, mpaka vikapita mia tatu.

Mwaka huu jengo likauzwa, na mwenyewe mpya akataka kulifanya vyumba vya kulala. Tukapata chumba mtaa wa Overport, kizuri, chenye dirisha kubwa. Hapo ndipo mume wangu akaanza kuogopa. Kaka yangu Achille anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Mobeni, na alikuwa amemtafutia nafasi huko. Walitaka jibu Jumatatu.

"Jumamosi tunafungua," Ruphin akaniambia. "Watu wetu wa zamani wakikuja, mi nabaki. Kama hawakuji, Jumatatu niko Mobeni, nashona mifuko ya ovaroli."

Namjua. Akisema, amesema. Kiwandani angeshona mfuko uleule kutwa nzima, yeye anayeweza kumtazama mtu akipanda ngazi na kujua bega lipi limeshuka. Iliniuma.

"Tufanye carousel, yaya," Tina akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Picha sita, mtu anasukuma na kidole. Jina ya barabara tuache, watu wetu hawaijui. Tuonyeshe vitu wanaona na macho."

Tukafanya. Picha ya kwanza ilikuwa mlango wetu mpya wa bluu: Fundi Ruphin amehamia Overport. Ya pili: utaona msikiti, upite. Ya tatu: ukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, penye garage ya petroli, kata kushoto. Ya nne: duka la matairi, sisi ni mlango unaofuata. Ya tano: tunafungua Jumamosi tarehe 24 Mei, saa tatu asubuhi. Ya sita ilikuwa ule ubao, na maneno yake niliyatunga mwenyewe: Kipande cha nguo yako ya kwanza kiko ukutani. Njoo ukitafute.

Tina akaiweka Instagram na Facebook. Kwenye magrupu ya WhatsApp akatuma picha zenyewe, kila moja na namba yake pembeni, kwa sababu huko zinaweza kuchanganyika. Kufika jioni tulikuwa na mioyo sitini chini ya picha. Nikamwonyesha Ruphin.

"Mioyo haivai nguo," akasema.

Jumamosi saa tatu tulifungua. Hakuja mtu. Saa tatu na nusu Ruphin alikuwa amepiga pasi kitambaa cha meza mara mbili. Saa nne alitoa chini ya meza kifuniko anachofunikia cherehani kazi ikiisha na kuanza kukikung'uta vumbi, taratibu. Sikuweza kumtazama. Nikajifanya nafuta kioo.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Khadeejah, mteja wetu tangu mwaka wa kwanza. Kazaliwa hapahapa Durban, ila Kiswahili chake ni cha bibi zake wa Unguja.

"Marie, mwanangu, hiyo garage yenu iko wapi? Msikiti tumeuona, tukaupita, tukaenda mbele, tukarudi. Petroli hakuna."

"Mama, uko na nani?"

"Tupo kama kumi hapa. Ladislas keshaanza mpira wake."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tunakaa Sydenham, mtaa wa juu. Picha nilizipiga nikitoka nyumbani kushuka dukani, na kwangu msikiti unatangulia, garage inafuata. Wateja wetu wanatoka town kwa taxi, upande wa pili kabisa. Kwao garage ndiyo ya kwanza. Walikuwa wameipita bila habari nayo, wakautafuta msikiti kama nilivyowaamuru, kisha wakaanza kuitafuta mbele garage waliyoiacha nyuma. Na kushoto kwangu kwao ni kulia.

Maneno ya chini ya posti yanabadilishwa, kwa hiyo niliandika nikiwa natembea: Ukitoka town, garage kwanza, kata KULIA, usifike msikitini. Yaliyoandikwa juu ya picha hayakubadilika tena, na zile za WhatsApp zilikuwa zimeshasambaa. Nikatia simu mfukoni, nikakimbia, mimi na kilo zangu hizi.

Niliwakuta wamekaa kwenye ukuta mfupi nje ya msikiti, wamejipanga kama kwenye benchi letu. Estella wa kwaya alikuwa anamimina chai ya thermos. Papa Ladislas alikuwa katikati, mikono hewani, anafunga bao. Nilisimama kidogo kabla ya kuwaita. Nilikuwa nimewakosa watu hawa, na sikujua ni kiasi gani mpaka pale.

"Kuuliza si ujinga," nikamwambia Ladislas, nikijifuta macho. "Mbona hamkuuliza njia?"

"Tuulize nini, mama? Ulisema msikiti, tukafika ku msikiti. Eish, mwenye kupotea ni weye."

Nikawatangulia.

Ruphin alikuwa mlangoni, kifuniko cha cherehani kimening'inia mkononi. Alituona tukitokea kwenye duka la matairi, wote, na Ladislas bado anasimulia. Aliingia ndani akakirudisha kifuniko chini ya meza.

Wakauvamia ubao, wakisukumana, kila mtu na kidole chake. Estella alicheka alipoona maua ya njano aliyokuwa akiyavaa bila aibu. Mama Khadeejah alisimama mbele ya kipande cheupe, kimeanza kugeuka rangi ya maziwa. Chini yake palikuwa na jina Sulaiman, marehemu mume wake.

"Kanzu yake," akasema. "Kijana wetu Faheem alikwenda nayo Cape Town baada ya mazishi. Nyumbani sina hata uzi wake."

Ruphin akachomoa pini, akamwekea kile kipande kiganjani. Mama akakishika kidogo, akakipitisha shavuni, halafu akamrudishia.

"Kibakie hapa, fundi. Nikitaka kumwona, nitakuja."

Kisha akafungua mkoba akatoa kitambaa cha kijani, cha gauni la Idi. Ruphin akavaa futi yake shingoni, midomo imejaa pini.

Simu yake ikalia mezani. Alikuwa Achille, wa Mobeni, bila shaka akiulizia lile jibu la Jumatatu. Mume wangu alinitazama, akanionyesha kwa kidevu nipokee.

"Kaka," nikasema, "fundi anapima mtu."