Komeo la Mlango wa Zizi

Kinyozi aligonga mlango wa jirani yake asubuhi mapema, suruali imelowa umande hadi magotini.

"Mama, njoo uone mwenyewe. Mimi nikikusimulia nitakosa adabu."

Jirani yake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke aliyeishi na ng'ombe watatu tangu mumewe afariki. Alijifunga kanga ya pili, akamfuata. Ng'ombe wake walikuwa katikati ya bustani ya kabichi ya kinyozi, wawili wamejilaza, na yule wa kahawia amesimama akitafuna kama mwenye nyumba.

Mkunga aliwaswaga hadi zizini, na hapo akashangaa. Uzio ulikuwa mzima, miti yote imara. Mlango ulikuwa wazi, lakini komeo halikuvunjika. Lilikuwa limevutwa pembeni, taratibu, kama lilivyovutwa kila siku kwa mkono wake.

"Nililifunga," alisema. "Nililifunga na nikalitikisa."

"Sikatai, mama. Lakini kabichi zangu je?"

Kinyozi alimwita bwana shamba kabla hajagusa chochote. Bwana shamba alikuja na daftari na futi, akapita tuta kwa tuta. Miche iliyovunjika kiini aliihesabu peke yake. Iliyochanika majani ya nje tu aliitenga, akisema hiyo itachipua ikimwagiliwa. Alipima hata nyayo, akaandika kuwa ni za ng'ombe watatu na zimetoka upande wa zizi. Miche mia moja na arobaini ilikuwa imekwisha kabisa, naye akaandika thamani yake.

Mkunga alikataa kulipa. Si kwamba alikuwa mbishi. Aliona haki haikai hivyo. Yeye hajazembea, sasa alipie kosa gani? Kinyozi akafungua shauri.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, kina feni moja na mabenchi mawili. Mkunga alikuwa amejiandaa. Alikuja na fundi seremala aliyejenga uzio, na risiti ya misumari.

Hakimu, mwanamke kijana mwenye miwani, aliuliza: "Ng'ombe ni wako?"

"Wangu, mheshimiwa."

"Waliingia kwa jirani?"

"Waliingia. Lakini mheshimiwa, sikuzembea, seremala yuko hapa na..."

"Mama, sijakuuliza kama ulizembea."

Hakimu akavua miwani.

"Mifugo ikitoka na kuharibu mazao ya mtu, mwenye mifugo anawajibika. Mwenye shamba halazimiki kuthibitisha uzembe. Wewe umeamua kufuga, maziwa ni yako. Hatari ya kutoka kwao nayo ni yako. Ingekuwa tofauti kama mlalamikaji mwenyewe ndiye aliyewafungulia, au mtu mwingine ambaye hukuweza kumzuia. Kuna aliyewafungulia?"

"Lazima yupo, mheshimiwa. Komeo halijifungui."

"Basi nenda ukatafute ushahidi. Tutakutana baada ya wiki mbili."

Mkunga aliwaza nani angemfanyia hivyo. Aliwauliza majirani, akapata uvumi tu. Mwishowe akachukua kigoda, akajibanza nyuma ya banda la majani na sinia la maharage ya kuchambua. Alikuwa amezoea kungoja. Watoto wangapi walimweka macho usiku kucha kabla ya kuzaliwa?

Siku ya tatu, saa tisa mchana, ng'ombe wa kahawia alisogea mlangoni. Akanusa. Akatoa ulimi mrefu, akauzungusha kwenye kichwa cha komeo, akavuta. Likakwama. Akasukuma mlango kidogo kwa paji la uso ili komeo lilegee, akavuta tena. Mlango ukafunguka.

Sinia lilimponyoka. "We mwanamke!" alimwambia ng'ombe, akacheka hadi machozi. Kisha akaelewa alichokiona. Hakukuwa na mtu. Utetezi wake wote ulikuwa umelambwa.

Angeweza kukaa kimya. Ila mahakamani alisimama na kueleza kila kitu, ulimi, paji la uso na yote. Karani aliacha kuandika. Hakimu alimuuliza mara mbili kama anaelewa kwamba anajimaliza mwenyewe.

"Naelewa. Mlisema mtu. Huyu si mtu, ni wangu."

Hukumu ilikuwa fupi: alipe miche mia na arobaini kwa thamani iliyotajwa na bwana shamba, baada ya kupunguza gharama za maji na mbolea ambazo kinyozi hatazitumia tena. Ile itakayochipua haikuhesabiwa. Mkunga alikubali, ingawa ilimuuma. Bado aliona ajabu kulipa bila kosa.

Kwenye korido kinyozi alimsubiri, akikunakuna kidevu.

"Mama, samahani. Anatumia ulimi kweli?"

"Kweli tupu."

"Naweza kuja kuona?"

Alikuja mchana huohuo. Walikaa nyuma ya banda, wamebana pumzi. Ng'ombe wa kahawia aliwatazama, akawageuzia mgongo, akalala.

"Kesho nitafunga saluni mapema, nije tena," kinyozi alinong'ona.