Zambarau Kwenye Meno ya Wifi

Siku tisa mfululizo mama mkwe hakugusa futari ya mke wa mwanawe, na chanzo kilikuwa mswaki. Wifi mtu alimfuma mke huyo bafuni saa saba mchana, povu mdomoni, akapaza sauti nyumba nzima isikie.

"Njooni mumwone mfungaji wa kisasa! Anakula dawa ya meno!"

Mke akajitetea kwamba anaweka dawa kidogo sana, anatema, hamezi. Kwamba kazi yake ni kumsaidia daktari wa meno, na mdomo ukikauka kutwa nzima lazima utoe harufu. Akaambiwa funga yake ni ya kuonyesha watu.

Siku ya kumi, wifi akaletwa kliniki na mama yake. Fizi zimevimba, zinatoka damu.

"Unapiga mswaki lini?" daktari akauliza.

"Kila usiku baada ya futari, na baada ya daku. Mchana sithubutu."

Daktari akamgeukia msaidizi wake, mke yule yule. "Mpake rangi ya kuonyesha uchafu. Hamezi kitu, kinyonya mate kipo."

Msaidizi alipaka taratibu, jino kwa jino, kama anayepika kitu asichotaka kiungue. Kisha akamshikisha mgonjwa kioo, na kumwita mama mkwe asogee.

"Mama, pinki ni uchafu wa leo. Zambarau ni wa siku mbili na zaidi."

Mdomo mzima ulikuwa zambarau.

"Kila usiku, eh?" mama akasema.

Wifi akaanza kugugumiza. Chai ya sukari, tende, sharubati, halafu usingizi unambeba. Na daku anaamka dakika za mwisho.

"Sukari inalala nawe, na mate ni machache," daktari akasema. "Kunywa maji kidogo kidogo tangu futari hadi daku. Subiri nusu saa baada ya vitamu na vichachu, ndipo upige mswaki. Usilale kabla. Baada ya daku, tena. Sasa tuisugue hiyo rangi."

Msaidizi akanyanyua mswaki, akauweka mbele ya macho ya wifi yake.

"Mchana huu, wifi? Saa nane? Au urudi hivyo hivyo, upite sokoni na meno ya zambarau?"

"Usinifanyie hivi."

"Sikufanyii kitu. Nakuuliza. Funga inavunjika au haivunjiki? Sema kwa sauti, kama siku ile."

Wifi akamtazama mama yake. Mama akatazama ukuta.

"Haivunjiki," akanong'ona. "Nikitema."

"Sijasikia."

"Haivunjiki!"

Akamsugua. Hakumwumiza hata kidogo, maana hakutaka apate cha kulalamikia.

Walipofika mlangoni wakitoka, mama mkwe akamshika mkono mke wa mwanawe. "Mwanangu, leo utatupikia futari?"

"Leo nimechoka, mama," akajibu, akivua glavu. "Apike mwenye meno meupe."