Kioo Kilichosema Nusu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu anigombanie cheo hicho. Nilikwenda kazini nimenyoa ndevu, tayari kumtetea fundi Fidelis mbele ya mhandisi kutoka Lindi. Nilishamtetea mara moja, na utetezi wangu ndio uliomwondoa Bi Zuhura, mwendeshaji mwenzangu, kwenye pampu.

Mtambo wetu uko bondeni, nje ya Mingoyo. Pampu mbili zinasukuma maji kwenye bomba refu hadi tangi la kilimani. Karibu na pampu limesimama tangi jingine, la chuma, chini maji, juu hewa iliyobanwa. Umeme ukikatika ghafla pampu husimama, lakini maji yaliyomo bombani bado yana mwendo. Yanaendelea kupanda na kuacha utupu nyuma yao, kisha yanarudi kwa kishindo. Tangi la hewa hutoa maji yake yakajaza ule utupu, na ya bombani yakirudi huyapokea, hewa ikabonyea kama godoro. Ila hewa nayo huliwa na maji polepole. Ndiyo maana tulipewa kompresa ya kuiongeza.

Wakati wa masika umeme ulikatika Bi Zuhura akiwa zamu, pampu zote mbili zikiwa kazini. Bomba likapasuka, likabomoa jiko la watu na kusomba kuku wao. Fidelis akasema umeme uliporudi mama huyu aliwasha pampu upesi mno, maji hayajatulia. Na tangi la hewa je? Nikaitwa mimi, nikasema kioo chake, kile kibomba cha ubavuni cha kusomea kimo cha maji, kinaonyesha maji nusu, hewa nusu, kama inavyotakiwa. Bi Zuhura akapewa reki ya kuondoa majani kwenye chujio la mtoni.

"Ahmadi," aliniuliza siku hiyo, "kioo hicho umewahi kukiona maji yake yakipanda au kushuka?"

"Ni kioo, Bi Zuhura, si mcheza ngoma."

Nilicheka peke yangu.

Tangu hapo umeme ukikatika bomba lilikuwa linagonga hadi ukuta mzima unatetemeka. Nilikuwa nasema linakohoa. Kumbe lilikuwa linanusurika kwa sababu tuliendesha pampu moja tu.

Basi siku ya ukaguzi pampu zote mbili zilikuwa zinanguruma. Mhandisi Restuta alikuwa anakitazama kioo pale Bi Zuhura alipoingia, reki begani, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi amekwambia tangi zima?"

"Zima kabisa," Fidelis akadakia.

"Basi akate umeme sasa hivi, pampu zote zikiwa kazini. Akate kwa mkono wake. Wenye lile jiko nimeshawaambia watoke na kuku waliobaki."

Alisema akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Hilo ni jaribio la kawaida," Restuta alisema. "Fundi?"

Fidelis akaanza habari za mota. Mota itaungua, mota ni ghali.

"Umeme unakatika kila wiki," Bi Zuhura akamwambia. "Leo ndiyo mota imekuwa mwali wa kufichwa ndani?"

Nikaona rafiki yangu anaonewa. "Mhandisi, nitakata mimi," nikasema, na mkono wangu ukawa njiani kwenda kwenye swichi.

Fidelis alinishika ukosi akanivuta nyuma hadi vifungo viwili vikadondoka. "Toka hapo, mpumbavu wewe. Unataka kutuua?"

Pampu zilikuwa zinaendelea.

Restuta aliinama, akashika koki ya chini inayounganisha kioo na tangi, kisha ya juu. Zote zilikuwa zimefungwa. Alipozifungua, maji ndani ya kioo yalipanda, yakapanda, yakafika juu kabisa. Tangi zima maji. Ile nusu niliyoitolea ushahidi ilikuwa imefungiwa humo tangu masika.

Akafunga vali za kutolea maji polepole, moja baada ya nyingine, ndipo akazima pampu kwa upole. Bomba halikukohoa.

"Kompresa iko wapi?"

Ilikuwa Mchinga, gereji ya mpwa wake Fidelis, inapulizia bodaboda rangi.

Bi Zuhura aliiegemeza reki kifuani kwa Fidelis, akaiachia. Fidelis akalazimika kuishika.

"Bi Zuhura, mama yangu," Fidelis alisema, sauti imepungua, "mbona unanidhalilisha? Kompresa nakiri. Lakini haki ya Mungu, sikujua kama tangi limejaa. Pengine koki zilifungwa na mtu mwingine."

"Usingejua," alimjibu, "ungemwacha Ahmadi akate umeme."